Tabaka la Chini Linapotoweka: Namna ya Kusoma Pembetatu ya Vimiminika Vitatu

Chukua gramu 25 za maji na gramu 25 za klorofomu, uzitie kwenye chupa moja yenye kizibo. Ukitikisa vitachafuka kwa muda mfupi, kisha vitajitenga: maji juu, klorofomu chini, na mpaka unaoonekana wazi katikati. Sasa anza kutia asidi asetiki safi, ile ile inayoipa siki ukali wake, kidogo kidogo, ukitikisa na kuacha itulie kila mara. Utakapokuwa umetia gramu 41 za asidi, tabaka la chini litakuwa bado lipo, na uzito wake utakuwa kama gramu 20. Kwa asidi yote hiyo limepungua gramu tano tu. Lakini ongeza gramu nyingine 8, na tabaka zima linakwisha. Kinachobaki chupani ni kimiminika kimoja, kisafi, kisicho na mpaka wowote.

Mtu anayeliona jambo hili kwa mara ya kwanza huwa na maswali mawili. Kwa nini tabaka lile lilikaidi muda wote huo kisha likamezwa na asidi kidogo ya mwisho? Na kwa nini lililotoweka ni la chini, si la juu, wala si yote mawili kukaribiana mpaka yakawa kitu kimoja? Majibu yote mawili yamo kwenye mchoro mmoja wa pembetatu. Wanafunzi wengi wa kemia hukutana nao chuoni, wakaunakili daftarini, wakafaulu mtihani, na wasijue kuusoma. Nataka tuusome hapa taratibu, kwa vimiminika hivi hivi vitatu, kwa sababu vimepimwa vizuri na tabia yao ni ya wazi.

Vipimo nitakavyotumia ni vya nyuzi joto 18 za Selsiasi, na vyote ni asilimia kwa uzito. Vina historia yake. Mnamo 1891 mwanakemia wa London, Alder Wright, alikuwa akichunguza aloi za metali tatu. Risasi na zinki zikiyeyushwa pamoja hujitenga matabaka mawili kama maji na klorofomu, na metali ya tatu hugawanyika kati ya matabaka hayo. George Stokes, mwanahisabati wa Cambridge, alimshauri achore matokeo yake ndani ya pembetatu. Kufanya kazi na metali zilizoyeyuka ni taabu, kwa hiyo Wright na wenzake walipima pia klorofomu, maji na asidi asetiki, vimiminika ambavyo mtu anaweza kuviona kupitia kioo.

Chora pembetatu yenye pande tatu sawa. Pembe ya juu ipe asidi, pembe ya chini kushoto ipe klorofomu, ya chini kulia ipe maji. Kila pembe ni kitu kimoja kitupu: aliyesimama kwenye pembe ya juu ana asidi asilimia 100, bila tone la kingine. Upande unaoikabili pembe hiyo, yaani ule wa chini, ni mahali pasipo na asidi kabisa. Basi kujua nukta yoyote ina asidi kiasi gani, tazama imepanda kiasi gani kutoka upande wa chini kuelekea pembe ya juu. Ikiwa theluthi moja ya kimo, asidi ni asilimia 33. Klorofomu husomwa vivyo hivyo, kwa umbali kutoka upande wa kulia kuelekea pembe ya kushoto, na maji kwa umbali kutoka upande wa kushoto kuelekea pembe ya kulia. Kwa kila nukta ndani ya pembetatu hii umbali huo mitatu ukiujumlisha unapata kimo kizima, na ndiyo maana asilimia tatu zinatimia 100 bila kulazimishwa.

Kosa la kawaida ni kufuata namba zilizoandikwa pembezoni bila kujua ni za nani. Wachapaji hawazipangi kwa utaratibu mmoja. Wengine huzizungusha kulia, wengine kushoto. Mimi huwaambia wanafunzi wasiziangalie kwanza. Watafute pembe ya kitu wanachokitaka, waiite 100, waite upande wa mbele yake sifuri, kisha wasome mistari inayokwenda sambamba na upande huo. Wakipata asilimia mbili kwa njia hiyo, ya tatu waisome pia badala ya kuitoa kwenye 100. Jumla ikikataa kuwa 100, wanajua papo hapo kwamba wamekosea.

Kuna sifa moja zaidi ya pembetatu tutakayoihitaji. Ukiwa na mchanganyiko wowote, ukauongezea kimoja tu kati ya vitu vile vitatu, nukta yako inasogea kwenye mstari ulionyooka kuelekea pembe ya kitu hicho. Chupa yetu ya mwanzo ilikuwa na maji na klorofomu nusu kwa nusu, kwa hiyo ilianzia katikati ya upande wa chini. Kila tulipotia asidi ilipanda wima kuelekea juu, kwa kuwa uwiano wa maji na klorofomu haukubadilika.

Sasa tuweke mipaka. Asidi asetiki huchanganyika na maji kwa kiwango chochote, na huchanganyika na klorofomu kwa kiwango chochote. Kwa hiyo pande mbili zinazopanda kwenye pembe ya asidi hazina mgogoro. Mgogoro uko chini, kati ya klorofomu na maji. Hata hapo si ukatavu kamili: kwa nyuzi 18 tabaka la klorofomu hubeba maji karibu asilimia 1, na tabaka la maji hubeba klorofomu asilimia 0.84. Weka nukta mbili kwenye upande wa chini, moja karibu kabisa na pembe ya kushoto na nyingine karibu kabisa na ya kulia. Kutoka nukta hizo unapanda upinde mmoja unaofunika sehemu kubwa ya chini ya pembetatu na kufika kilele penye asidi asilimia 50 na nusu hivi. Nje ya upinde, vimiminika vitatu vinakaa pamoja kama kimiminika kimoja. Chini ya upinde, kuna matabaka mawili.

Upinde huo haupatikani kwa hesabu; unatafutwa kwa macho na mizani. Unapima klorofomu na asidi kwenye chupa, zinachanganyika na kuwa angavu, kisha unadondosha maji kutoka bureti huku ukitikisa. Tone moja linaingia, jingine linaingia, halafu ghafla kimiminika kinapata ukungu usioondoka hata ukitikisa. Hapo umegusa upinde. Unaandika uzito wa vitu vitatu, unaweka nukta, unaanza tena na uwiano mwingine. Kwa upande wa pili unaanza na maji na asidi, kisha unadondosha klorofomu. Kazi hii hufanywa ndani ya kabati lenye feni ya kuvuta mvuke, si mezani na kamwe si nyumbani, kwa sababu mvuke wa klorofomu hulewesha na kudhuru ini.

Tuingie chini ya upinde, mahali ambapo wasomaji wengi hupotea. Chukua mchanganyiko wa gramu 100: klorofomu gramu 36.4, maji gramu 30, asidi gramu 33.6. Nukta yake iko ndani kabisa ya eneo la matabaka mawili. Mtu akiulizwa chupani kuna kimiminika gani, husoma nukta na kujibu: chenye klorofomu asilimia 36.4, maji 30 na asidi 33.6. Jibu hilo si kweli. Hakuna hata tone moja ndani ya chupa hiyo lenye viwango hivyo. Nukta iliyo chini ya upinde ni hesabu ya ulichomimina, si picha ya ulichonacho. Ulichonacho ni vimiminika viwili tofauti, na vyote viwili viko juu ya upinde wenyewe, kimoja kushoto, kingine kulia.

Ukiyatenganisha matabaka hayo kwa faneli yenye bilula na kuyapima, utakuta la chini lina klorofomu asilimia 80, maji 2.3 na asidi 17.7. La juu lina klorofomu 7.3, maji 48.6 na asidi 44.1. Weka nukta hizo mbili kwenye upinde, ziunganishe kwa rula, na utaona mstari unapita juu ya nukta ya mchanganyiko wako. Huo ndio mstari unganishi. Mchanganyiko wowote utakaoumimina ukaangukia juu ya mstari huo, uwe karibu na mwisho wa kushoto au wa kulia, utakupa matabaka yale yale mawili kwa viwango vile vile. Kitakachobadilika ni wingi wa kila tabaka tu.

Na wingi huo nao unasomeka pale pale. Aliyewahi kumwona mchukuzi akibeba maji kwa mzega anajua kwamba madebe mawili yakiwa na uzito tofauti, bega halikai katikati ya ule mti. Linasogea upande wa debe zito. Nukta ya mchanganyiko ni bega, na matabaka mawili ni madebe. Tutumie asidi kupima. Tabaka la chini lina 17.7, mchanganyiko mzima una 33.6, tabaka la juu lina 44.1. Kutoka chini hadi kwenye mchanganyiko ni hatua 15.9, kutoka mwisho hadi mwisho ni hatua 26.4. Gawanya 15.9 kwa 26.4, unapata 0.60. Kwa hiyo tabaka la juu ni gramu 60, na la chini ni gramu 40. Angalia pia kwamba mgawanyo hutoka kwenye sehemu ya mstari iliyo upande wa pili: kipande kirefu, kile cha kutoka tabaka la chini, ndicho kinachotoa wingi wa tabaka la juu. Hapa ndipo watu hugeuza jibu. Kujihakikishia, rudisha hesabu kwa klorofomu: gramu 40 zenye asilimia 80 ni gramu 32, gramu 60 zenye asilimia 7.3 ni gramu 4.4, jumla 36.4. Ndizo tulizomimina.

Mistari unganishi mingi inaweza kuchorwa chini ya upinde, lakini haikatani kamwe, na haiko sambamba na upande wa chini. Kwenye mfumo huu yote inainuka kuelekea kulia. Kuinuka huko kuna maana: mwisho ulio juu zaidi ndio wenye asidi zaidi, na hapa daima ni mwisho wa maji. Asidi inapopewa nafasi ya kuchagua, huelekea kwenye maji. Mtu mwenye maji yenye asidi akitaka kuitoa asidi kwa klorofomu, mchoro unamwambia kabla hajafungua chupa kwamba atavuta kidogo tu kila mara. Wanaofanya kazi hiyo viwandani hutumia viyeyushi vingine, kama ethili asetati.

Lakini kiasi cha kuinuka hakilingani mahali pote. Mstari mmoja ulio chini una asidi 25.1 kwenye tabaka la maji dhidi ya 6.8 kwenye klorofomu, yaani mara 3.7. Ule tuliopimia ni 44.1 kwa 17.7, mara 2.5. Juu zaidi kuna wa 50.2 kwa 25.8, mara 1.9, na karibu na mwisho 47.9 kwa 34.6, mara 1.4. Sababu moja iko kwenye molekuli zenyewe. Ndani ya klorofomu, molekuli za asidi asetiki hushikana mbili mbili kwa vifungo vya haidrojeni, na zikishikana hivyo hupata utulivu ambao hazingeupata peke yake. Kadiri asidi inavyozidi, ndivyo inavyokuwa rahisi kwa kila molekuli kumpata mwenzake, na klorofomu inakuwa makao bora kuliko mwanzo. Sababu ya pili ni kwamba matabaka yenyewe yanaanza kufanana: la juu limekwisha kubeba klorofomu nyingi, la chini limeanza kubeba maji, na asidi haioni tena tofauti kubwa baina yao.

Namba za asidi kwenye tabaka la maji nilizozitaja hivi punde zilipanda hadi 50.2 kisha zikashuka hadi 47.9. Si kosa la kipimo. Mstari wa mwisho umevuka kilele cha upinde na kuanza kuteremka upande wa kushoto. Mistari unganishi inazidi kuwa mifupi inavyopanda, ncha zake mbili zinakaribiana, mpaka mahali fulani zinakutana na mstari hauna urefu tena. Hapo matabaka mawili yana viwango sawa kabisa, yaani si mawili tena. Ndiyo nukta ya mkutano. Kwa kuwa mistari imeinama, haikutani kileleni mwa upinde. Inakutana kwenye mteremko wa kushoto, penye asidi asilimia 42 hivi, klorofomu 42 hivi na maji 16 hivi. Kilele kiko juu zaidi na kulia zaidi, kwenye sehemu ya upinde ambayo ni mali ya tabaka la maji.

Ukiona mchoro ambao nukta ya mkutano imewekwa kileleni kabisa, uliza mistari unganishi ilipimwa vipi. Pengine mchoraji alikisia. Nukta hiyo inaweza kukaa kileleni pale tu ambapo mistari ya karibu yake iko sawa na upande wa chini, na hilo ni tukio adimu.

Hapa tunaweza kurudi kwa chupa ile inayopanda wima kutoka katikati ya upande wa chini. Inapanda ikivuka mstari unganishi mmoja baada ya mwingine, na kwenye kila mstari tunaweza kuuliza mzega unasemaje. Kwa gramu 41 za asidi, mchanganyiko una asidi asilimia 45, na klorofomu na maji 27.5 kila kimoja. Mstari unaopita hapo una tabaka la chini lenye klorofomu 70, asidi 26 na maji 4, na tabaka la juu lenye klorofomu 15, asidi 50 na maji 35. Ukifanya hesabu ile ile, tabaka la chini linatoka kuwa zaidi kidogo ya asilimia 22 ya gramu 91, ambayo ni kama gramu 20. Lilikuwa limetoa klorofomu yake kwa tabaka la juu, lakini pia lilipokea asidi, na ndiyo maana mizani haikuonyesha kupungua sana.

Kisha chupa inaukaribia upinde. Inautoboa penye asidi 49.4, klorofomu 25.2 na maji 25.4. Mahali hapo pako kulia kwa nukta ya mkutano, kwenye sehemu ya tabaka la juu. Bega limefika kwenye debe la kulia, na la kushoto limebaki tupu. Kwa hiyo tabaka la chini ndilo linaloisha, na linaisha haraka kwa sababu mistari ya huko juu imekwisha kuwa mifupi: hatua ndogo ya nukta inakula sehemu kubwa ya mstari. Na tone lake la mwisho, kabla ya kupotea, halifanani na kimiminika kilicho juu yake. Ncha ya pili ya mstari ule ina klorofomu asilimia 60, asidi 32 na maji 8. Matabaka hayakukutana. La chini lilimezwa likiwa bado geni.

Ili yakutane, lazima njia yako ipite kwenye nukta ya mkutano yenyewe, na bahati nzuri ya mfumo huu ni kwamba ipo njia rahisi ya kuifikia. Kwa kuwa nukta ina klorofomu na asidi kwa viwango karibu sawa, iko kwenye mstari unaotoka mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa vitu hivyo viwili kwenda pembe ya maji. Basi andaa chupa tatu za gramu 100. Ya kwanza iwe na klorofomu gramu 60 na asidi 40. Ya pili iwe 50 kwa 50. Ya tatu iwe klorofomu 40 na asidi 60. Kila moja idondoshee maji.

Chupa ya kwanza itapata ukungu ikifika gramu 12 hivi za maji. Iache itulie, na utaona matone madogo yakipanda na kukusanyika juu kama utando mwembamba. Umeugusa upinde kushoto kwa nukta ya mkutano, upande wa klorofomu, na kilichozaliwa ni tabaka jipya la maji, jepesi. Chupa ya tatu itavumilia hadi gramu 28 hivi, kisha matone yake yatazama na kukusanyika chini. Hapo uko kulia kwa nukta, na kilichozaliwa ni tabaka la klorofomu, zito. Chupa ya katikati, karibu na gramu 19, inafanya kitu tofauti. Kabla hata haijajitenga, kimiminika kizima kinapata weupe wenye rangi ya samawati kidogo, kwa sababu ndani yake vijisehemu vyenye klorofomu zaidi na vijisehemu vyenye maji zaidi vinaundwa na kuvunjika bila kukoma na kutawanya nuru. Ukiongeza maji kidogo tu na kuacha itulie kwa muda mrefu, mpaka hautokei juu wala chini. Unatokea karibu katikati ya chupa, kwa matabaka mawili yenye wingi unaokaribiana. Kwa mtu wa maabara hiyo ndiyo alama ya kuaminika zaidi kwamba yuko jirani na nukta ya mkutano.

Asiyetaka kuitafuta kwa macho anaweza kuitafuta kwa rula. Weka alama katikati ya kila mstari unganishi ulioupima, kisha pitisha mstari laini kwenye alama hizo na uuendeleze mpaka ugonge upinde. Kwa vipimo vyetu, alama za juu zote zina klorofomu asilimia 42 na kitu, na zinapanda karibu moja kwa moja, kwa hiyo zinaelekeza mahali pamoja bila utata. Kwenye mifumo mingine alama hizo hupinda, na hapo kuendeleza mstari ni kukisia kwa adabu. Inabidi upime mistari mingine iliyo karibu zaidi na nukta.

Mistari unganishi inapimwa kwa asidi, kwa kuwa asidi ndiyo rahisi kukamata. Chukua gramu 2 za kila tabaka, tia maji na matone mawili ya fenolfthaleni, kisha dondoshea soda kali, yaani hidroksidi ya sodiamu, yenye moli moja kwa lita. Tabaka la juu la mfano wetu litahitaji mililita 14.7 hivi kabla ya kugeuka waridi. La chini litahitaji 5.9 hivi. Kwenye sampuli ya tabaka la chini usiamini waridi ya kwanza. Soda iko majini na asidi nyingine bado imejificha ndani ya klorofomu. Funga, tikisa kwa nguvu, na rangi itatoweka. Endelea mpaka waridi ibaki hata baada ya kutikisa.

Ukishapata asidi ya kila tabaka, iweke kwenye mkono wake wa upinde, unganisha, na utazame kama mstari unapita kwenye nukta ya ulichomimina. Hiki ndicho kipimo cha uaminifu wa kazi yote, na mara nyingi mstari hukosea kidogo. Ukikosea, kuna mahali pachache pa kutafuta. Pengine klorofomu imevukiza. Huchemka kwa nyuzi 61 tu, na chupa iliyoachwa wazi wakati wa kupima hupoteza uzito huku ukiitazama. Pengine umeyatenganisha matabaka kabla hayajatulia, na matone ya moja yamebaki ndani ya jingine. Pengine ulipima kwa mililita badala ya gramu: mililita moja ya klorofomu ina uzito wa karibu gramu 1.49, na aliyeihesabu kama gramu moja atapotoka kwa theluthi nzima.

Joto ni jambo kubwa zaidi. Mchoro wa nyuzi 18 ni wa nyuzi 18. Maabara ya Dar es Salaam isiyo na kiyoyozi hupita nyuzi 30 mwezi Februari, na kwa mifumo mingi ya aina hii eneo la matabaka mawili hupungua joto likipanda, kwa hiyo mchanganyiko ulio ndani ya upinde kwenye kitabu unaweza kuwa nje yake mezani pako. Huko Nairobi asubuhi ya Julai tatizo laweza kuwa la upande mwingine: asidi asetiki safi huganda chini ya nyuzi 16.6, na aliyeikuta imeshikamana chupani asidhani imeharibika. Chupa zote zikae kwenye beseni la maji lenye joto moja, na joto hilo liandikwe pembeni ya mchoro.

La mwisho halionekani kwa macho. Klorofomu inayouzwa kwa maabara mara nyingi huwa imetiwa ethanoli, kama nusu hadi asilimia moja, ili isiharibike. Ethanoli hupenda maji na huchanganyika na klorofomu pia, kama asidi ifanyavyo, na pembetatu yenye pembe tatu haina mahali pa kuiweka. Karibu na upande wa chini haileti shida kubwa, lakini karibu na nukta ya mkutano, ambako mistari ni mifupi sana, mgeni huyo wa nne anatosha kuisogeza. Dawa yake ni kuiosha klorofomu kwa maji mara kadhaa, kuikausha kwa kloridi ya kalsiamu, na kuitumia siku hiyo hiyo ikiwa ndani ya chupa ya kahawia, kwa sababu ikishakosa ethanoli, mwanga na hewa huanza kuigeuza kuwa fosjini, gesi yenye sumu kali.